Kotesheni mbili za sola, tofauti milioni moja: imejificha wapi?

Kuanzia mwezi wa kumi, minada ya korosho inapofunguliwa na hela zinapoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima wa Newala, Tandahimba na Masasi, mafundi sola nao huanza kupigiwa simu. Mtu anataka friza dukani, taa zisizozimika na televisheni ya kuvutia wateja jioni. Anaita mafundi wawili, kila mmoja anamletea kotesheni yake, na hapo anakwama. Moja iko juu kwa milioni nzima, halafu ile ya bei ya chini ndiyo inayoonekana kuwa na vitu vingi zaidi.

Nitazitumia kotesheni mbili za namna hiyo, zilizoandikwa kwa ajili ya duka moja la vinywaji kijijini, upande wa Newala. Majina nimeyaondoa, na bei nimezizungusha ili hesabu isitusumbue. Usizichukue kama bei elekezi. Kinachotuhusu ni namna mistari ya karatasi moja inavyosomeka ukiiweka pembeni ya mistari ya karatasi nyingine.

Ya juu ilikuwa hivi: paneli 2 za wati 400, laki 5 na elfu 20. Betri moja ya lithiamu, volti 25.6, ampea-saa 100, milioni 1 na laki 3 na nusu. Inveta ya wati 1,500 yenye chaja kontrola ya MPPT ndani yake, laki 6 na elfu 20. Waya wa paneli wa milimita 6 na wa betri wa milimita 25, laki 1 na elfu 80. Breka za DC, fyuzi na kinga ya radi, laki 1 na nusu. Fremu ya juu ya bati, laki 1 na elfu 80. Nauli na ufundi, laki 4. Jumla 3,400,000. Kila kifaa kikubwa kilikuwa na jina la mtengenezaji na namba ya modeli.

Ya chini: paneli 3 za wati 300, laki 4 na nusu. Betri 2 za ampea-saa 200, laki 8 na elfu 40. Inveta ya wati 2,000, laki 3 na nusu. Kontrola ya MPPT ampea 60, laki 1 na elfu 10. Vifaa vingine vya kufungia, laki 3 na nusu. Ufundi, laki 3. Jumla 2,400,000. Modeli hazikutajwa hata moja.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mwenye duka. Huku wati 800 za paneli, kule 900. Huku betri ya ampea-saa 100, kule 400. Huku inveta ya 1,500, kule 2,000. Nani asingechukua ya chini?

Kabla ya kujibu, inahitajika namba moja ambayo haimo kwenye kotesheni yoyote kati ya hizo mbili, nayo ni kiasi cha umeme ambacho duka linakula kwa siku. Na mzigo ulikuwa huu. Friza ndogo, ambayo lebo yake inasema inakula wati-saa 900 kwa siku. Lebo hupimwa katika mazingira tulivu, wakati duka letu lina bati la moto na mlango wa friza unafunguliwa kutwa, kwa hiyo tuiwekee 1,200. Taa 5 za wati 9 kwa muda wa saa 5 ni 225. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Feni ya wati 50 kwa saa 5 ni 250. Simu na redio, 125. Jumla ni wati-saa 2,000, yaani yuniti 2 zile zile unazozijua za LUKU. Kati ya hizo, kama 1,250 zinatumika kuanzia magharibi hadi asubuhi, paneli zikiwa hazitoi kitu. Inveta nayo hula chake njiani, kwa hiyo betri inatakiwa itoe kama 1,420 kila usiku.

Fundi ambaye hakuuliza maswali hayo, akakuandikia kotesheni kwa kuambiwa tu "nina friza na taa", amebahatisha. Anaweza kubahatisha sawasawa, lakini huna namna ya kujua.

Sasa paneli. Wati zilizoandikwa kwenye lebo ni za jua la maabara. Huku kwetu Lindi na Mtwara, mchana mzima wa jua zuri unalingana na kama saa 5 tu za jua kali kamili, na kwenye mawingu ya masika, kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa nne, ni busara kuhesabu saa 4. Halafu toa karibu asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi, betri na inveta. Paneli za wati 800 kwa saa 4, ukizidisha na 0.7, zinakupa wati-saa 2,240. Duka linataka 2,000. Zinatosha, na kidogo kinabaki. Zile 900 za kotesheni ya chini, kwa hesabu hiyo hiyo, zingetoa 2,520. Kwa karatasi, ya chini imeshinda.

Ndipo inapobidi kushika futi. Wati za paneli haziwezi kuzidi ukubwa wa kioo chake. Paneli nzuri za siku hizi hutoa kama wati 200 hadi 220 kwa kila mita moja ya mraba, na zile za bluu zenye seli za mabakamabaka hutoa pungufu ya hapo, kama 160. Paneli halisi ya wati 400 ina urefu wa sentimita 172 na upana wa 113, karibu mita 2 za mraba, na uzito wa kilo 20 na ushee. Mwenye duka alipokwenda mjini kuziona zile za wati 300, alizipima: sentimita 148 kwa 67. Zidisha, unapata mita ya mraba moja kasoro kidogo. Paneli bora kabisa ya ukubwa huo isingevuka wati 220, na hizi zilikuwa za bluu. Umbo hilo ndilo la paneli za wati 150 au 160 ambazo zimekuwa sokoni miaka mingi. Lebo ilibandikwa 300.

Kwa hiyo 900 imegeuka 480. Kwa jua la saa 5 hizo zinatoa wati-saa 1,680, na kwa saa 4 ni 1,344. Duka limeshapungukiwa hata kabla hatujagusa betri.

Lakini shida ya mstari huo haikuishia kwenye lebo. Paneli ya namna ile ina seli 36, unaweza kuzihesabu kwa kidole, na paneli ya seli 36 imetengenezwa kwa ajili ya betri ya volti 12. Inafanya kazi kwenye volti 18 hivi na kutoa ampea 8 na kitu. Betri 2 za volti 12 kwenye kotesheni zilikusudiwa kuungwa mfululizo ziwe volti 24. Ili kuchaji volti 24, paneli za aina hiyo huungwa mbili mbili. Sasa paneli 3 utazigawaje mbili mbili? Moja inabaki bila mwenzake. Ukiunga zote tatu mfululizo zinafika volti zaidi ya 50 zikiwa kazini, na kama 66 zisipokuwa na mzigo.

Hapo ndipo mstari wa kontrola unapoingia. Kontrola ya kweli ya MPPT ingemeza volti hizo na kuzigeuza kuwa ampea zaidi za kuingia kwenye betri. Kontrola ya kawaida, ya PWM, haigeuzi chochote. Inaiunga paneli na betri na kuiburuta paneli ishuke hadi volti ya betri, na volti zilizozidi zinapotea. Kasha la elfu 110 lililoandikwa MPPT 60A lilikuwa jepesi kama redio ya mfukoni, lina matundu mawili ya kuchajia simu, na kwenye kijikaratasi chake kikomo cha volti ya paneli kimeandikwa 50. Hicho kikomo kinasema yote. MPPT halisi ya mfumo wa volti 24 kwa kawaida hupokea volti 100 au zaidi, ni nzito kwa sababu ina koili ndani, na mgongo wake ni wa alumini wa kupoza joto. Kile kilikuwa PWM kilichobandikwa jina la mwenzake. Ukikipa volti 66, una bahati kikizima bila moshi. Ukiunga paneli mbili tu na kuiacha ya tatu, unapata ampea 8.6 zikienda kwenye betri yenye volti 26 hivi, yaani wati 224. Kati ya wati 900 ulizonunua, 224! Kwa siku nzima ya jua zuri zinazofika kwenye vifaa ni kama wati-saa 900, chini ya yuniti moja.

Ukiusoma mstari wa paneli peke yake hauna tatizo. Wa kontrola peke yake nao unapita, na wa betri vivyo hivyo. Ubovu unaonekana pale tu unapouliza kama mistari hiyo mitatu inaongea lugha moja ya volti. Ndiyo maana swali la kwanza ninalomwambia mtu amuulize fundi ni hili: "Paneli utaziungaje, na zikishaungwa volti zitakuwa ngapi?" Fundi anayejua kazi hujibu hapo hapo na kukuchorea kwenye kipande cha karatasi. Kwa kotesheni ya juu, jibu lilikuwa paneli 2 mfululizo, kama volti 62 zikiwa kazini na si zaidi ya 75 zisipokuwa na mzigo, na inveta yenyewe kwenye karatasi ya mtengenezaji inapokea zaidi ya hapo.

Tuje kwenye betri, maana ndiko hela nyingi ilipo na ndiko ujanja mwingi unapofanyika. Ampea-saa hazilinganishwi zikiwa uchi. Lazima uzizidishe na volti, halafu uangalie aina ya betri inaruhusu kutumia sehemu gani ya umeme huo. Lithiamu ya volti 25.6 na ampea-saa 100 ina wati-saa 2,560. Tumia asilimia 80 na inakupa kama 2,050. Betri 2 za risasi za volti 12 na ampea-saa 200 zina 4,800, lakini betri ya risasi, iwe ya maji au kavu, ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Kwa hiyo zinazotumika ni 2,400. Ile tofauti ya 100 dhidi ya 400 imeyeyuka ikawa 2,050 dhidi ya 2,400. Na nisimwonee fundi wa chini: kama betri zake zingekuwa kweli za 200, za kutumika kwenye sola, zingelitosha duka hilo na kubakiza akiba ya siku ya mawingu kuliko hata ile lithiamu.

Tatizo ni hiyo "kama". Mstari wa kotesheni unaosema "betri 200" unaweza kumaanisha vitu vitatu tofauti vyenye bei tofauti.

Inaweza kuwa betri halisi ya sola, sahani zake ni nene, na ampea-saa 200 zimepimwa kwa kuimaliza ndani ya saa 10 au 20. Kwenye kasha utaona C10 au C20. Inaweza pia kuwa betri ambayo 200 yake imepimwa kwa C100, yaani kwa kuinyonya polepole kwa muda wa saa 100. Betri ya risasi ukiinyonya polepole hutoa zaidi, kwa hiyo namba inapendeza. Ila duka halinyonyi kwa saa 100. Linanyonya usiku mmoja, na kwa kasi hiyo betri hiyo hiyo inatoa pungufu. Au inaweza kuwa N200, betri ya lori. Hii ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi. Ni betri halali kabisa, haijaghushiwa, ila imetengenezwa kuwasha injini: sahani nyembamba nyingi, zitoe nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha zijazwe na altaneta. Ukiifanyisha kazi ya kushuka hadi nusu kila usiku, itakuwa imechoka ndani ya miezi, wala si miaka.

Na ipo ya nne, betri iliyobandikwa namba kubwa kuliko mwili wake. Kwa hii dawa yake ni mizani. Risasi haina namna ya kuwa nyepesi. Betri kavu ya kweli ya volti 12 na ampea-saa 200 ina kilo 55 hadi 65, ya 100 ina kama 30. Chukua kilo 0.3 kwa kila ampea-saa na hutapotea sana. Na katika mikoa yetu mizani si kitu cha kutafuta, maana kila chama cha msingi kina moja ghalani ya kupimia korosho. Mwenye duka wetu aliomba betri moja ya sampuli ipandishwe kwenye mizani ya AMCOS, kati ya gunia na gunia. Ikasoma kilo 38.

"Fundi, hii ni mia mbili?"

"Mama, betri za siku hizi wamezipunguza uzito, teknolojia imebadilika."

"Naomba basi namba ya modeli nimwonyeshe kijana aitafute kwenye simu."

Fundi akasema atairudisha dukani aulize. Kilo 38 gawanya kwa 0.3 unapata kama ampea-saa 125. Betri 2 za hivyo zina wati-saa 3,000, nusu yake 1,500, na duka linataka 1,420 kila usiku. Zingetosha siku ya kwanza, zikiwa mpya. Lakini kumbuka paneli zetu za wati 224. Mchana haziwezi kurudisha kilichotumika usiku, kwa hiyo betri inalala nusu kila siku bila kujaa. Betri ya risasi isiyojaa inajenga chumvi ngumu kwenye sahani, na kila wiki inapokea umeme kidogo kuliko wiki iliyopita. Ongeza joto la chumba chenye bati, kwa kuwa kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa karibu nusu. Mteja atarudi baada ya miezi sita kulalamika kuwa betri ni mbovu, na fundi atamwambia ametumia vibaya. Ukweli ni kwamba paneli ndiyo iliyoiua betri.

Lithiamu nayo ina mitego yake, ingawa mizani hapa husaidia kidogo: ya volti 25.6 na ampea-saa 100 huwa na kilo 20 hadi 25, na ikiwa nyepesi mno seli zimepunguzwa ndani. Kinachosahaulika zaidi ni ampea ambazo ubongo wake wa ndani unaruhusu kutoka kwa mara moja. Ikiwa ni 50, betri itajizima pale inveta ya wati 1,500 itakapotaka ampea 60 na kitu. Pia inveta iwe na mpangilio wa kuchaji lithiamu. Vyote viwili vimo kwenye karatasi ya mtengenezaji, na ndiyo sababu namba ya modeli ina thamani kuliko maneno "lithiamu orijino".

Inveta haina haja ya maelezo marefu. Namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi nyekundu mara nyingi ni ya sekunde chache tu. Uliza wati za muda wote. Ile ya 2,000, ukigeuza kasha, pembeni imeandikwa kwa herufi ndogo 1000W. Kama imeandikwa kVA badala ya wati, zidisha kwa 0.8 isipokuwa mtengenezaji ametaja namba nyingine. Wati 1,000 zingeweza kuliendesha duka hili, hata ile sekunde ya friza kuwaka ambapo kompresa huvuta mara kadhaa ya wati zake. Kilichoiangusha ni aina ya wimbi. Inveta za bei hiyo hutoa wimbi la ngazi ngazi. Taa na simu hazijali, lakini kompresa ya friza inanguruma, inapata moto na inakula umeme zaidi. Kwa friza, sisitiza wimbi safi, na liandikwe.

Mstari wa "vifaa vingine vya kufungia, laki 3 na nusu" ndio mstari ninaoupenda kidogo kuliko yote. Humo mna waya, breka, fyuzi, fremu, na humo ndimo fundi aliyeshusha bei anapojirudishia hela yake. Dai uvunjwe. Waya uandikwe unene na mita. Kutoka kwenye betri kwenda kwenye inveta ya wati 1,500 kwa volti 24 zinapita ampea zaidi ya 60, na waya wa milimita 6 hapo utapata moto na kushusha volti mpaka inveta ilie kila friza inapowaka. Halafu ukwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi katikati. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na inapitisha umeme pungufu kwa unene ule ule. Breka ya upande wa paneli na betri iwe ya DC. Ya kawaida ya nyumbani inategemea umeme wa AC unaokatika wenyewe mara nyingi kwa sekunde ili kuzima cheche. Kwenye DC cheche haizimiki, na breka inaweza kuwaka moto siku ya kuhitajika. Na kama uko pwani, Mikindani au Kilwa, fremu ya chuma cha kupaka rangi italiwa na chumvi mapema. Ulizia alumini na bolti zisizoshika kutu.

Nikirudi kwenye karatasi zenyewe, yapo maneno matatu ambayo hata fundi mwaminifu hupenda kuyaweka mwishoni: "au inayolingana nayo". Yana sababu yake, kwa kuwa mzigo unaweza kuwa umeisha Dar es Salaam na modeli ile isipatikane. Ila ukiyaacha hivyo yalivyo, umemruhusu alete chochote. Ongeza kwamba mbadala uoneshwe kwa maandishi kabla haujafungwa, na usipungue wati, wati-saa, aina ya wimbi wala muda wa waranti. Risiti ya EFD nayo itaje modeli, na serial namba za betri na inveta ziandikwe kwenye hati ya makabidhiano. Fundi awe na leseni ya EWURA, na nakala yake uione. Waranti iseme nani anabeba nauli ya kurudisha betri, maana betri ya kilo 60 kutoka Newala hadi Mtwara mjini si mzigo wa bodaboda.

Kwenye malipo, bakiza kiasi cha maana hadi majaribio mawili yapite. La kwanza ni la mchana, anga likiwa jeupe, betri ikiwa imetumika usiku kucha: paneli za wati 800 zioneshe kwenye kioo cha inveta wati 560 hadi 640 hivi. Usifanye jaribio hilo betri ikiwa imejaa. Ikijaa, kontrola yenyewe hupunguza umeme, na utamgombeza fundi bure. La pili ni la usiku. Washa mzigo wa wati 200 unaoujua, balbu za zamani zinafaa, kwa muda wa saa 10. Lithiamu ile inatakiwa imalize muda huo kwa shida kidogo, karibu na mwisho wa akiba yake. Betri 2 za kweli za 200 zinatakiwa ziwe zimeshuka hadi karibu nusu, na zikipumzika kama saa moja bila mzigo kila moja isome kama volti 12.1 au 12.2. Zikisoma 11.8, umeuziwa ampea-saa 125.

Mwenye duka hakumfukuza yule fundi wa bei ya chini. Alimrudishia karatasi yake na kumwomba aiandike upya kwa masharti yale yale ya mwenzake: modeli zitajwe, paneli zipimike, wimbi liwe safi, waya na breka vivunjwe. Ilirudi hivi: paneli 2 za wati 400, laki 5 na elfu 20. Betri 2 kavu za sola, ampea-saa 200 kwa C10, milioni 1 na laki 2 na elfu 40. Inveta ya wati 1,500 yenye MPPT, laki 6. Waya, breka na fremu, laki 4 na nusu. Ufundi, laki 3. Jumla 3,110,000.

Milioni moja imebaki laki 2 na elfu 90. Na tofauti hiyo ni ya halali, ya kuchagua: betri kavu zitampa akiba zaidi siku ya mawingu lakini kwa kazi hiyo na joto hilo ajiandae kuzibadilisha baada ya miaka miwili au mitatu, lithiamu itamkalia mara kadhaa ya hapo ila siku mbili za mvua mfululizo friza itabidi izimwe usiku. Yeye anauza soda na maji, si samaki. Alichukua lithiamu.